Kitovu cha uzito cha koni iliyojaa: kwa nini ni robo ya kimo na si theluthi

Wanafunzi wengi wanaofahamu kwamba kitovu cha pembetatu kiko theluthi moja ya kimo juu ya kitako hudhani kwamba koni nayo hufuata kanuni hiyohiyo, kwa kuwa ukiikata koni wima kupitia nchani unapata pembetatu. Dhana hiyo si sahihi, na integrali inaonyesha wazi mahali inapokosea.

Tuchukue koni iliyojaa yenye kimo h na nusu kipenyo cha kitako r, ambayo imetengenezwa kwa kitu cha densiti moja kotekote. Kwa kuwa koni ina ulinganifu, kitovu kiko kwenye mhimili wake, na kinachobaki ni kutafuta umbali tu. Tupime umbali x kutoka nchani kuelekea kitako, kwa sababu tukianzia hapo hesabu inakuwa nyepesi zaidi. Kwa pembetatu zinazofanana, nusu kipenyo katika umbali x ni rx/h, hivyo kisahani chembamba chenye unene dx kina ujazo huu:

dV = π(rx/h)² dx

Tukijumlisha visahani vyote kutoka 0 hadi h, tunapata ujazo wa koni:

V = (πr²/h²) ∫ x² dx = πr²h/3

Kisha kila kisahani tunakizidisha kwa umbali wake kutoka nchani, ndipo tujumlishe tena:

M = (πr²/h²) ∫ x³ dx = πr²h²/4

Umbali wa kitovu ni M/V, yaani 3h/4 kutoka nchani, na kwa hiyo h/4 juu ya kitako. Hapa ndipo wengi huteleza, kwani huandika 3h/4 kuwa jibu na kusahau kwamba walipima kutoka nchani.

Kwa mfano, koni yenye kimo cha sm 12 na nusu kipenyo cha sm 5 ina V = 100π na M = 900π, kwa hiyo kitovu kiko sm 9 kutoka nchani, sawa na sm 3 juu ya kitako. Nusu kipenyo hakibadilishi jibu, kwa sababu r² imo katika V na katika M, nayo hujifuta.

Tofauti na pembetatu inatokana na kipeo cha x. Upana wa pembetatu hukua kwa x, ilhali eneo la kisahani hukua kwa x², kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya koni imelala karibu na kitako na kukivuta kitovu chini. Theluthi ni sahihi kwa koni tupu iliyosimama wima, yenye ganda jembamba la unene mmoja na isiyo na kitako, kwa sababu eneo la kila mkanda wa ganda hukua kwa x tu.

Pia, bapa lililo sambamba na kitako na linalopita kwenye kitovu haligawi ujazo nusu kwa nusu. Katika koni yetu, sehemu iliyo juu yake ni (3/4)³ ya ujazo wote, yaani 27/64, ambayo ni pungufu ya nusu. Sehemu hiyo ndogo husawazisha ile kubwa kwa sababu inafika mbali zaidi na kitovu.