Kutia maziwa kwenye chai hakuokoi madini ya chuma

Kliniki hakupiti wiki bila mama mwenye upungufu wa damu kuambiwa apunguze chai wakati wa kula, naye akajibu: "Lakini mimi sinywi ya rangi, nakunywa ya maziwa." Anaamini maziwa yanaua ukali wa majani. Ulimi hauhisi ukali, ni kweli, lakini tumboni kazi inaendelea. Tanini na polifenoli nyingine za majani ya chai hushikana na chuma cha mimea, kile cha maharage, mchicha, dengu na unga, kikawa kitu kisichoyeyuka na kutoka na choo. Watafiti wamepima chai ikiwa na maziwa na ikiwa haina, na tofauti ikawa ndogo mno. Juu ya hapo, kalisi ya maziwa nayo huzuia chuma.

Tuseme mama mjamzito amekula kikombe kizima cha maharage yaliyopikwa. Humo mna takriban miligramu 4 za chuma. Mwili ukifyonza asilimia 10, anapata miligramu 0.4. Akiteremshia chai, hata hizo hupungua zaidi ya nusu. Sahani ni ileile, bei ileile, damu haipandi.

Chai haipigwi marufuku, inasogezwa. Ale na maji, amalizie kwa chungwa au akamulie ndimu kwenye mboga, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai ya maziwa aisubirishe saa moja au zaidi baada ya kula, mbili ni bora. Vidonge vya kuongeza damu navyo amezee maji, kamwe si chai. Akivimeza kila siku kwa wiki nne na kipimo cha damu kisipande hata gramu 1 kwa desilita, kabla ya kulaumu dawa muulizeni alikuwa akimezea nini. Jibu likiwa maji, arudi apimwe malaria, minyoo na mengineyo.

"Maziwa yanaongeza damu." Hapana. Yana protini na kalisi, chuma karibu hakuna.

"Kafeini ndiyo mbaya." Si yo, ni tanini. Tangawizi iliyochemshwa na majani ya chai ina tatizo lilelile.

"Mtoto anapewa ya maziwa mengi, haimdhuru." Hili linanikera kupita yote. Chini ya mwaka mmoja asipewe chai kabisa, wala maziwa ya ng'ombe kama kinywaji. Aliyevuka mwaka, chai na mkate asubuhi humjaza tumbo dogo, uji wa lishe na dagaa vikakosa nafasi, na kile kidogo alichokula kinazuiwa. Mpe uji, na maziwa matupu kikombe kimoja au viwili kwa siku, mbali na mlo wenye maharage au mboga za majani. Dagaa, samaki, nyama na maini viwemo kwenye chakula chake, kwani chuma chao huathiriwa na chai kidogo kuliko kile cha mimea.