Dei kea analala, nyumbani hataki: maswali ya akina mama kliniki

Nesi, mwanangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Dei kea Makorora wanasema analala mchana bila shida. Jumamosi nikimlaza anapiga mayowe. Ana nini?

Hana ugonjwa. Nilimwomba mama huyu anihesabie Jumanne yake na Jumamosi yake, na jibu likaonekana lenyewe.

Jumanne mtoto anaamshwa saa 12 na nusu asubuhi. Anafika kituoni, anakunywa uji, anakimbizana na wenzake, anakula, na saa 6 na nusu mchana yuko kwenye mkeka. Hapo amekaa macho muda wa saa 6. Jumamosi anaachwa alale mpaka saa 2 asubuhi, halafu mama anamlaza saa 6 na nusu ileile. Amekaa macho saa 4 na nusu tu. Hamu ya usingizi hujengeka kichwani kadiri mtoto anavyokaa macho, na wengi wa umri huu wanahitaji saa 5 mpaka 6 kabla haijawazidi. Kwa hiyo mama anambana kitandani mtoto ambaye usingizi bado haujamfika.

Saa 8 usingizi wenyewe unapokuja, mama ameshakata tamaa na kuwasha katuni. Saa 11 jioni mtoto anaangukia kwenye kochi, kipande cha andazi mkononi. Anaamka magharibi, na saa 5 usiku bado anaruka kitandani. Jumapili asubuhi anachelewa tena kuamka, na mambo ni yaleyale.

Siku za mapumziko mwamshe saa 1 asubuhi, umlaze kati ya saa 6 na nusu na saa 7. Hata akichelewa kulala, saa 9 alasiri mwamshe.

Hata nikimlaza kwa wakati, analia. Kwa ticha halii. Ananionea mimi tu?

Hakuonei. Kwa ticha wenzake wote wamelala, hakuna mchezo wa kukosa. Kwako anajua kwamba mama yuko sebuleni, binamu wako uani, na akilia mlango utafunguliwa.

Nilimtuma mama huyu akamuulize ticha anafanyaje. Kumbe ticha anawafuta watoto uso na miguu kwa kitambaa cha maji, anashusha kanga dirishani, kila mtoto anakwenda kwenye mkeka wake, kisha yeye anakaa mlangoni akichambua mchele. Anayeinuka analazwa tena, kimya. Basi. Mama naye alikuwa akimlaza kwenye chumba cha bati kwenye joto la kaskazi, tivii inasikika ukutani, huku akimwambia "lala nikununulie askrimu." Mtoto wa miaka 2 ukimpa neno, atakurudishia neno.

Sasa afanye kama ticha: mkeka, mahali penye ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba, maji usoni, kanga dirishani, mdomo ufungwe. Nusu saa ikipita hajalala, muinue bila ugomvi, usiku umlaze mapema kwa saa nzima. Mchana mmoja bila kulala haumdhuru mtoto.

Asubuhi tunampa chai ya rangi na maandazi. Chai nayo inahusika?

Inahusika. Majani ya chai yana kafeini, na kwa mwili mdogo athari yake inabaki kwa saa kadhaa. Tena chai inazuia chakula kumpa madini ya chuma, na watoto wenye upungufu wa damu hapa kliniki nimewachoka kuwaona. Mpe uji.

Jirani kaniambia nimpe kijiko cha piritoni, atalala vizuri.

Hapana.

Piritoni ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake tu, kama vile gari linavyotoa moshi. Ziko na nyingine za kundi hilo kwenye chupa za mafua na kikohozi, na iliyo mbaya zaidi kwa wadogo ni promethazini: mtoto wa chini ya miaka 2 hapaswi kupewa kabisa, kwa sababu inaweza kufifisha pumzi mpaka ikakatika. Soma kibandiko cha chupa. Kama huwezi kusoma, ilete tukusomee.

Kuna watoto ambao badala ya kusinzia wanachachamaa, wanalia, wanahangaika. Mama anadhani dozi ni ndogo, anaongeza kijiko. Na kijiko chenyewe ni cha jikoni, hakuna anayejua kinabeba kiasi gani. Kama mtoto ana mafua na alishapewa dawa nyingine yenye kitu hichohicho, hapo kapewa mara mbili.

Lakini mkubwa wake nilimpa na hakudhurika.

Naomba nirudie, mama, kwa heshima zote: hapana. Mkubwa wake alinusurika, na kunusurika kwake hakuwezi kuwa kipimo cha dozi. Dawa ya kumlaza mtoto mzima asiye na ugonjwa haipo kwenye duka lolote la dawa hapa Tanga. Anayekuuzia kwa kazi hiyo anakuuzia matatizo.

Kama nilishampa, na sasa amelala sana, si nimwache apumzike?

Hili ndilo linalotuua moyo. Mtoto amenyweshwa saa 7 mchana, wanamleta saa 3 usiku, na bibi anasema "tulidhani usingizi umemkolea." Usimwache!

Mwite jina, msugue nyayo, muinue. Mtoto aliyelala usingizi wake atakunja uso, atalalamika, atakutazama. Akilegea kama kitambaa, akipumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwake, midomo ikibadilika rangi, akapata degedege au akawa wa moto, mkavu, moyo ukimwenda mbio, chukua bodaboda sasa hivi, uende hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu. Beba na chupa ya dawa. Usimpe maziwa eti yakate sumu. Hayakati, na mtoto aliyelegea yatamwingia mapafuni. Usimtapishe. Usimsubiri baba atoke kazini.

Hata kama anaamka vizuri lakini umezidisha kijiko, mlete vilevile. Hatutakufokea. Tutakufokea ukichelewa.

Nasikia hata dei kea kwingine wanawanywesha dawa. Nitajuaje?

Kulala kwa urahisi peke yake si ushahidi, usimtukane ticha wa watu. Nenda bila taarifa saa ya kulala, kaa, tazama. Watoto walionyweshwa dawa huwa wanalala wote fofofo hata wakiinuliwa, na mtoto akija nyumbani jioni anayumba, kinywa kikavu, hataki kula, anasinzia tena. Ukiona hivyo, mlete siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Ataacha lini kulala mchana?

Wengi huacha kati ya miaka 3 na 5. Kwa sasa hesabu jumla ya siku nzima: mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 mpaka 14, mchana na usiku pamoja. Jumla ikifika na anacheza vizuri, hakuna cha kugombania.

Yule mama wa Makorora alirudi baada ya wiki mbili. Jumamosi mtoto analala dakika 50 kwenye mkeka sebuleni, wakati kwa ticha analala saa moja na nusu. Akaniuliza kama dakika 50 zinatosha. Nikamwambia zinatosha, na ile chupa aliyokuwa amenunua akaniachia mezani.