Kabla ya kumwita mkaazi mkorofi, jazeni fomu

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa familia za watu wenye ulemavu wa akili wanaoishi katika makao ya malezi yanafanana: ndugu yetu anafungiwa chumbani, ndugu yetu analazwa kwa dawa. Makao nayo hujibu kwamba mkaazi anapiga watu na hawana njia nyingine. Tunaamini pande zote zinamtakia mema. Ila tunapoomba tathmini ya sababu za tabia hiyo, mara nyingi tunaletewa karatasi moja: "Ni mkorofi, anataka kuangaliwa." Hiyo si tathmini.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 27 asiyezungumza, anayejipiga kichwa na kuwapiga makofi wahudumu. Kwa siku 14, kila zamu ilijaza fomu ya safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Safu ya kwanza ielezwe kwa vitendo: "aliambiwa avue shati", si "alikasirishwa". Saa iandikwe, na fomu ijazwe palepale. Fomu inayojazwa mwisho wa zamu hubeba maoni ya mhudumu kuliko alichokiona.

Matukio yalikuwa 22. Katika 15, alikuwa ameambiwa aende kuoga au abadilishe nguo, na katika 13 kati ya hayo mhudumu aliacha na kuondoka. Kwa maneno mengine, kofi lilimwondolea kuoga. Alipokaa na watu bila kuambiwa afanye chochote hakupiga, na alipoachwa peke yake hakupiga. Kwa hiyo dai la kutaka kuangaliwa halikuwa na ushahidi.

Hata hivyo, zilikuwapo siku alizooga bila shida. Daftari la choo ndilo lililofumbua fumbo: siku mbaya zaidi ziliangukia pale alipokuwa hajapata choo kwa siku tatu. Mtu asiyeweza kusema tumbo linamuuma ataambiwaje ainame na kusuguliwa? Ndiyo maana uchunguzi wa daktari hutangulia mpango. Kufunga choo, jino bovu, sikio na kiungulia vyote huonekana kama ukorofi. Dawa nyingi za kutuliza zenyewe hufunga choo, hivyo orodha kamili ya dawa ipelekwe kwa daktari.

Baada ya matibabu ya tumbo, mpango uliandikwa kwa sehemu tatu. Kwanza, kuoga kulibadilishwa: anachagua asubuhi au jioni, maji yanapimwa joto, na kazi inagawanywa katika hatua fupi. Pili, alifundishwa njia nyingine ya kupata kile alichokipata kwa kofi: kadi yenye picha, akiikabidhi anapumzika dakika mbili. Kadi lazima iwe rahisi kuliko kofi na ijibiwe papo hapo, kila mara mwanzoni. Kurefusha muda wa kusubiri huja polepole baadaye. Tatu, akipiga, mhudumu anarudi nyuma, anapunguza maneno, analinda kichwa cha kijana kwa mto na kumwonyesha kadi.

Wengi huharibu hapa. Zamu moja inaheshimu kadi, nyingine inasema anadekezwa. Hapana, hadekezwi, anaomba kwa mkono usioumiza mtu. Kadi ikipuuzwa, atarudi kwenye kofi, na pengine kali zaidi.

Sasa utaratibu, na tunasisitiza. Mpango uwe na tarehe, jina la anayeusimamia, ridhaa ya mkaazi kwa njia anayoielewa au ya anayemwakilisha kisheria, na saini ya kila mhudumu wa zamu. Kumshika, kumfungia au kumpa dawa ili atulie ni vizuizi. Kila kizuizi kiandikwe siku hiyohiyo: kilianza saa ngapi, kiliisha saa ngapi, nani aliamua, nini kilijaribiwa kabla, na kama aliumia. Mlango uliofungwa ni kizuizi hata kama mnauita mapumziko. Kuchoka kwa wahudumu hakuhalalishi kizuizi, na adhabu haihalalishiki kabisa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unalinda uhuru wa mtu katika Ibara ya 14, na Ibara ya 15 na 16 zinamkinga dhidi ya ukatili na unyanyasaji. Anayefungia watu anaweza kujibu kama mtu binafsi, si kituo peke yake.

Fomu hii ina mipaka. Inaonyesha vitu vinavyoandamana, haithibitishi kimoja kimesababisha kingine. Tabia inayotokea mara moja kwa miezi kadhaa haitanaswa kwa siku 14. Kujaribu kwa makusudi hali zinazoamsha tabia ni kazi ya mtaalamu aliyefunzwa, msiifanye wenyewe.

Hesabu ya kila siku iendelee, na baada ya wiki nne ilinganishwe na zile siku 14 za mwanzo. Isiposhuka, msikimbilie kuongeza dozi. Angalieni kwanza ni zamu ngapi zilijibu kadi kama ilivyoandikwa, kisha fungueni daftari la choo.