Maji ya mboga: ya kumwaga au ya mchuzini?

Dada, nikichemsha mchicha maji yanatoka na ukijani. Nikiyamwaga, ndiyo nimemwaga vitamini?

Sehemu ya vitamini, ndiyo. Ila usiipime kwa rangi. Ukijani wenyewe si vitamini, na maji yanaweza kuonekana meupe kabisa huku yamebeba mengi. Vinavyohamia majini ni vitamini C, vitamini za kundi B, hasa folati, pamoja na madini ya potasiamu. Vitamini A ya mboga na vitamini K haziyeyuki katika maji bali katika mafuta, kwa hiyo hizo zinabaki kwenye majani hata ukichuja. Ndiyo sababu kijiko cha mafuta kwenye mboga kina kazi yake: kinausaidia mwili kuzichukua.

Tuiangalie folati peke yake, maana ndiyo inayoaga kimyakimya. Watafiti walipochemsha spinachi na kuichuja, karibu nusu ya folati ilipotea, na sehemu kubwa ilikuwa imeingia kwenye maji. (Ile ni spinachi hasa. Ile ya majani mapana na shina nene jeupe tunayouziwa sokoni ni mmea mwingine, ndugu wa kiazisukari, na folati yake ni kidogo sana.) Sasa chukua gramu 300 za mchicha mbichi. Zina folati ipatayo mikrogramu 250. Mchicha nao ukipoteza nusu, ni kama 125 zimekwenda karoni, na mtu mzima anahitaji 400 kwa siku. Mjamzito anahitaji 600, na kwake mboga haichukui nafasi ya vidonge vya kliniki, hata aipike kwa ustadi gani.

Mvuke nao si moto uleule? Tofauti iko wapi?

Moto ni uleule, karibu nyuzi 100. Tofauti ni kwamba kwenye mvuke majani hayaogelei. Vitamini haina maji ya kukimbilia, isipokuwa matone machache yanayodondoka chini. Katika utafiti huohuo, spinachi iliyopikwa kwa mvuke haikupoteza folati ya kuhesabika.

Vitamini C ni dhaifu zaidi. Inayeyuka majini, na tena inaharibiwa na joto na hewa, hivyo hata kwenye mvuke itapungua kadiri unavyochelewa kuepua. Kumbe mambo yenyewe ni mawili: wingi wa maji na urefu wa muda. Mchicha uliopikwa dakika tatu kwa maji ya robo kikombe unaupita kwa mbali ule uliotokota dakika ishirini kwenye sufuria iliyojaa.

Sina sufuria ya mvuke. Nifanyeje?

Chujio la chuma linatosha. Tia vikombe viwili vya maji kwenye sufuria, weka chujio juu yake, hakikisha maji hayagusi kitako cha chujio. Subiri maji yachemke ndipo utie mboga, kisha funika kwa mfuniko unaobana. Mchicha unataka dakika 3 hadi 4, kabichi iliyokatwa 5 hadi 6, karoti za vipande vyembamba 8 hadi 10. Osha mboga kabla ya kukata, si baada, kwa sababu kila ulipokata ni mlango.

Mboga ikiiva vizuri, kijani kinakolea na shina linapitika kwa uma bila kupondeka. Ukiona rangi imegeuka kuwa kama ya kaki, umepitiliza. Kosa ninaloliona sana ni kujaza chujio mpaka juu: majani ya chini yanalainika kupita kiasi na ya juu bado mabichi. Pika mara mbili, au geuza katikati.

Na kusema kweli, kwa mchicha au matembele mimi hata chujio silitoi kabatini. Maji yanayobaki kwenye majani baada ya kuosha yanatosha. Kaanga kitunguu, tia majani, funika dakika tatu, funua, geuza, epua. Hakuna cha kuchuja, kwa hiyo hakuna cha kumwaga.

Kama nimeshachemsha, yale maji niyatumie wapi?

Popote ungetia maji ya bomba: mchuzi wa maharage, supu ya viazi, rojo la samaki, hata kande. Unaokoa potasiamu karibu yote iliyohamia, na folati kwa kiasi kizuri. Vitamini C usiitegemee sana, kwani kila unapoyachemsha tena inapungua. Kwa hiyo yatie mwishoni, mchuzi ukikaribia kuiva, yapate kuchemka kidogo tu. Usiyatie maharage yakiwa bado magumu, ukayaacha yatokote saa nzima.

Angalia chumvi. Kama uliitia wakati wa kuchemsha mboga, iko palepale majini, na ukitia tena kwenye mchuzi umeizidisha maradufu. Ni bora kuchemsha bila chumvi kabisa. Na maji hayo yasikae nje zaidi ya saa mbili. Weka kwenye friji, uyatumie kesho yake. Yakianza uchachu au utelezi, hayo mwaga.

Mama mkwe hutia magadi ili mboga ilainike na ibaki kijani. Kuna ubaya?

Anachosema ni kweli: magadi hulainisha na hushika kijani. Lakini yanaivunja vitamini C na vitamini B1, na hapo hata ukiyanywa maji yote hupati kilichokwisha kuvunjika. Tena yana sodiamu, jambo la kuzingatia kama mzee mwenyewe ana presha. Mwombe ajaribu kukata majani membamba zaidi, ulaini utakuja bila magadi.

Je, kuna mboga ambayo maji yake hayafai?

Kisamvu kwanza. Majani ya muhogo yana asili ya sumu ya sianidi. Yakitwangwa, sumu hiyo inaachiliwa, na yakichemshwa bila kufunikwa inatoka na mvuke. Kwa hiyo usikipike kisamvu kwenye chujio chini ya mfuniko kwa kutaka kuokoa vitamini. Twanga vizuri, chemsha wazi na kwa muda wa kutosha, na maji ya kwanza yakiwa machungu yamwage. Vitamini C itakwenda nayo, ikatafutwe kwenye chungwa. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani navyo usivitafutie matumizi ya maji, usivipike kabisa.

Halafu kuna watu. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu anapika kinyume cha yote niliyoeleza: akate vipande vidogo, achemshe kwa maji mengi, achuje, amwage. Kwake mvuke unahifadhi kile hasa anachokikimbia, na supu ya maji ya mboga ndiyo mbaya zaidi. Aliyewahi kupata mawe ya figo ya oksaleti naye achemshe mchicha na kumwaga maji, kwa kuwa mchicha una oksaleti nyingi na sehemu yake hutoka na maji. Kama mgonjwa huyo anakula sufuria moja na familia, mtengee fungu lake mlipike kando, kisha maji ya fungu hilo yasirudi kwenye mchuzi wa wote, maana naye ataupakua.