Robo mililita isiyo ya chumvi

Mzee mmoja wa Kisauni alikuja maabara na karatasi mbili za majibu yetu. Birika lake la maji ya mvua liko chini ya ardhi, si mbali na bahari. Karatasi ya kwanza ilisema kloraidi, ile sehemu ya chumvi tunayoipima, ni miligramu 8.0 kwa lita. Ya pili, wiki tatu baadaye, 9.2. "Mwanangu," akaniambia, "bahari imeanza kuingia?" Tayari alikuwa ameshaongea na fundi wa kupiga plasta upya.

Nikafungua daftari. Siku zote mbili bureti, ule mrija wa kudondoshea dawa, ilisoma vilevile: mililita 1.85. Maji hayakubadilika hata chembe. Aliyepima mara ya pili alisahau kuondoa blanki ya kiashiria, yaani dawa ya ziada inayoliwa na rangi wala si na kloraidi, nasi tukaitia sahihi karatasi ile. Kosa ni letu, na nilimwomba mzee radhi.

Njia yenyewe ni ya Mohr. Unatia mililita 100 za maji kwenye flaski, mililita 1 ya kromati ya potasiamu ya asilimia 5 kama kiashiria, kisha unadondosha nitrati ya silva ya 0.0141 M, yaani moli 0.0141 kwa lita. Silva hushika kloraidi kwanza na kufanya mashapo meupe. Kloraidi ikishakwisha, silva hushika kromati, na manjano ya flaski hugeuka kuwa na wekundu wa matofali. Hapo ndipo unapofunga bureti.

Sasa, silva inapokuwa sawasawa na kloraidi, moli kwa moli, hiyo ndiyo nukta ya ulinganifu, nayo haionekani kwa jicho. Kinachoonekana ni kikomo cha rangi, na hicho huchelewa. Kwenye nukta ya ulinganifu silva iliyo huru majini ni kama 1.3 × 10⁻⁵ M, lakini kwa kromati niliyotia, mashapo mekundu hayaanzi mpaka ifike kama 2.1 × 10⁻⁵ M. Hata yakianza, lazima yawe mengi kidogo ndipo jicho liyaone. Kuongeza kromati ili yawahi hakusaidii sana, maana manjano hukolea na kuuficha wekundu.

Silva hiyo ya ziada haikukutana na kloraidi yoyote, kwa hiyo haifai kuhesabiwa. Kuipima, natia mililita 100 za maji yaliyokenekwa, kiashiria kilekile kwa kipimo kilekile, na nadondosha mpaka rangi ileile. Kwangu huja karibu mililita 0.25. Hesabu ya mzee basi ni hii, 35450 ikiwa miligramu za moli moja ya kloraidi:

(1.85 − 0.25) × 0.0141 × 35450 ÷ 100 = 8.0

Bila kuondoa blanki unapata 9.2. Sampuli ya kisima chenye chumvi inayokula mililita 30 ingepotosha jibu kwa chini ya asilimia 1, na hakuna ambaye angegutuka. Ziada ni ileile. Kilichopungua kwa mzee ni kloraidi ya kuifunika.

Blanki nayo ina hila zake. Maji yaliyokenekwa hayana mashapo meupe, kwa hivyo rangi huonekana tofauti na ile ya sampuli. Mimi hutia ncha ya kijiko ya kalsiamu kaboneti isiyo na kloraidi ili flaski zote mbili ziwe na ukungu mmoja. Na blanki ikipanda hadi 0.6 au 0.7, nashuku maji yenyewe au chombo kilichosuuzwa vibaya. Hapo napima chumvi safi ya 0.0141 M, mililita 2, 4 na 6, kila moja nikiijaliza kwa maji yaleyale hadi 100. Bureti ikisoma 2.25, 4.25 na 6.25, ziada haijali wingi wa kloraidi ya chumvi, na ndiyo ninayopaswa kuiondoa. Ikiwa inakua kadiri chumvi inavyoongezeka, basi tatizo ni nguvu ya nitrati ya silva, na blanki haitaliponya.

Wengine hudhani kuongeza ujazo wa sampuli hadi 200 kunaimeza blanki. Inakua nayo, kwa sababu silva ya ziada inapimwa kwa kila lita. Na tone moja la bureti, mililita 0.05, tayari ni miligramu 0.25 kwa lita. Maji yakishuka chini ya miligramu 5 hivi, naacha jicho na kutumia elektrodi ya silva.

Kwa mzee nilipiga hesabu moja zaidi. Maji ya bahari yana kloraidi kama gramu 19 kwa lita. Lile ongezeko la uongo, kwenye birika lake la lita 10,000, lingekuwa kama theluthi mbili ya lita ya bahari. Aliondoka na karatasi mpya yenye 8.0 na blanki imeandikwa pembeni, akampigia fundi simu akiwa bado mlangoni.