Mifuko Iliyofungwa Haiingii Kwenye Tangazo

Dhana: Kama takwimu za tangazo la mifuko ya uwekezaji ni za kweli na zimekaguliwa, basi haziwezi kumpotosha mtu.

Zinaweza, na mara nyingi kosa haliko kwenye hesabu. Liko kwenye mifuko isiyotajwa. Kampuni inapoandika kwamba mifuko yake imeleta wastani wa asilimia fulani kwa miaka kumi, inayohesabiwa ni mifuko iliyopo leo. Iliyofanya vibaya ikafungwa haimo, ingawa watu waliweka fedha zao humo na wakapata hasara halisi. Wataalamu huuita upotofu huu upendeleo wa walionusurika.

Dhana: Mfuko mpya ulioanza kwa faida kubwa una meneja hodari.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Tuseme kampuni inafungua mifuko midogo mitano kwa fedha zake yenyewe, bila kuiuza kwa umma. Baada ya miaka mitatu, mmoja umeleta asilimia 20 kwa mwaka, wa pili 14, wa tatu 8, wa nne 2, na wa tano umepoteza 4. Wastani wa yote mitano ni asilimia 8, na tuseme soko lenyewe nalo limeleta 8. Kwa jumla, basi, kampuni haijalishinda soko hata kidogo. Lakini inaifunga mitatu ya chini kimyakimya na kuuza miwili ya juu. Tangazo sasa lina wastani wa asilimia 17, na kila tarakimu ni ya kweli.

Utaratibu huu wa kulea mifuko ndani kabla ya kuiuza upo kweli. Mfano unaojulikana Marekani ni mfuko wa ukuaji wa Van Kampen. Mwaka 1996, ukiwa bado katika malezi hayo na mali ya dola laki chache tu, ulileta asilimia 61.99. Zaidi ya nusu ya faida hiyo ilitokana na hisa za kampuni zilizokuwa zinaingia sokoni kwa mara ya kwanza na kupanda bei papo hapo. Mgao mdogo wa hisa hizo unatosha kuunyanyua mfuko mdogo. Ukiwa na mamilioni, mgao uleule hausogezi chochote. Mfuko ulipouzwa kwa umma, matangazo yalitaja faida bila kueleza ilikotoka. Mwaka 1999 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, iliitoza kampuni faini ya dola 100,000, nayo ikaikubali adhabu bila kukiri wala kukana kosa.

Kwa hiyo ukisoma faida "tangu kuanzishwa", tafuta tarehe mbili: siku mfuko ulipoanzishwa na siku ulipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida. Zikipishana kwa mwaka au zaidi, uliza mfuko ulikuwa na fedha kiasi gani katika kipindi hicho cha katikati.

Dhana: Mfuko ukiunganishwa na mwingine, historia zao nazo huunganishwa.

Kwa kawaida sivyo. Marekani, historia inayoendelea kutangazwa ni ya mfuko mmoja, ule unaohesabiwa kuwa ndio umeendelea. Aliyekaa miaka minane kwenye mfuko dhaifu anahamishiwa vipande vyake, yaani sehemu alizonunua, kwenye mfuko wenye nguvu, kisha anaona chati nzuri ya miaka kumi ambayo yeye hakuishi hata mwaka mmoja wake. Hasara yake imebaki kwenye salio lake tu.

Dhana: Tofauti kati ya wastani wa mifuko iliyonusurika na wa mifuko yote ni ndogo, haifai kuumiza kichwa.

Elton, Gruber na Blake, katika utafiti wao wa 1996 kuhusu mifuko ya Marekani, waliikadiria kuwa karibu asilimia 0.9 kwa mwaka. Iweke kwenye fedha: shilingi milioni moja kwa asilimia 9 kwa miaka 20 inafika takriban milioni 5.6. Kwa asilimia 8.1 inafika milioni 4.75. Zaidi ya shilingi laki nane zimo kwenye tangazo lakini hazimo mfukoni mwa mwekezaji wa kawaida, na hapo bado hatujagusa wale walionunua vipande baada ya mwaka wa neema kupita.

Kiwango hicho ni cha Marekani, na kila soko lina chake. Anayenunua vipande Dar es Salaam au Nairobi anaweza kujipimia mwenyewe: aiombe kampuni orodha ya mifuko yote iliyokuwa ikiiendesha miaka kumi iliyopita, si ya leo, na aulize kila uliotoweka ulikuwa na faida gani siku ulipofungwa au kuunganishwa.