Barua ya pamoja ya wapangaji: kabla ya kusaini, jueni maji yanakwamia wapi

Malalamiko ya maji kwenye majengo ya kupanga yamezidi kwenye dawati letu la usuluhishi, na wengi wanaofika huwa wameshamwandikia mwenye nyumba barua ya pamoja. Hilo ni jambo jema. Lakini barua nyingi zinasema tu kwamba maji "yanasumbua" na ngazi ni "mbovu", halafu kurasa mbili zinazobaki ni lawama. Mwenye nyumba akijibu kwamba ni mgao, shauri linakwama hapohapo, kwa kuwa hakuna mstari hata mmoja ndani ya barua unaoonyesha vinginevyo.

Tuchukue jengo la mfano lenye nyumba 12 na wakazi 40. Maji ya mamlaka yanapita kwenye mita, yanaingia tangi la chini, kisha pampu inayapandisha hadi tangi la lita 1,000 lililo juu ya paa, na kutoka huko yanashuka kwenye nyumba zote. Uani kuna bomba lililoungwa kati ya mita na tangi la chini. Bomba hilo ndilo shahidi wenu. Likitoa maji vizuri siku ambayo tangi la juu ni tupu, basi mgao si sababu. Hitilafu iko ndani ya jengo: pampu, swichi yake ya boya, koki iliyofungwa, au bomba la kupandisha linalovuja. Yote hayo kwa kawaida ni mali ya mwenye nyumba, na kuyatengeneza ni juu yake.

Bomba la uani nalo likiwa kavu, ulizeni majirani. Wao wana maji na ninyi hamna? Kaangalieni mita. Ikiwa imefungwa lakiri au imeng'olewa, huenda huduma imekatwa kwa deni. Kama fedha ya maji mnamlipa mwenye nyumba pamoja na kodi, barua yenu iombe nakala ya ankara ya karibuni na risiti ya malipo yake. Na kama mtaa mzima umekauka, mlalamikieni mtoa huduma; kumwandikia mwenye nyumba kwa hilo ni kumpa nafasi ya kuyapuuza na mengine.

Andikeni kumbukumbu kwa wiki mbili. Daftari moja linatosha, na mtu mmoja kila ghorofa anayejaza siku hiyohiyo. Mstari unaofaa ni kama huu: "Jumanne, saa 12 asubuhi, bomba la uani linatoa, ghorofa ya tatu hakuna maji, pampu haikusikika. Yalikuja saa 4 usiku, yakakatika baada ya dakika 40." Mstari unaosema "maji hakuna kabisa, tunateseka" hautusaidii, hata kama ni kweli.

Kuna hesabu ambayo wapangaji huisahau. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku ili mahitaji ya msingi yatimie. Kwa wakazi 40, kiwango cha chini ni lita 2,000. Tangi la lita 1,000 likijazwa mara moja tu kwa siku, kila mtu anapata lita 25. Kwa hiyo mkidai "pampu itengenezwe" peke yake, inaweza kutengenezwa kesho, mlinzi akaiwasha mara moja kila asubuhi, na shida ikabaki ileile. Mwenye nyumba atasema alishatimiza alichoombwa, na kwa maandishi atakuwa sahihi. Dai matokeo: tangi la juu lijazwe angalau mara mbili kwa siku, au liwekwe kubwa zaidi, ili maji yafike ghorofa zote asubuhi na jioni.

Kwa maeneo ya pamoja, tajeni kitu, mahali kilipo na tangu lini. "Reli ya ngazi kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili imeng'oka ukutani kwenye vishikizo viwili, ukiishika inayumba." Yenye hatari yatangulie: reli, taa za ngazi, nyaya zilizo wazi, mtaro unaofurika mlangoni. Rangi iliyobanduka ingoje. Malalamiko ya nyumba moja moja, kama amana ya mtu au kitasa cha mlango wake, yaende kwenye barua yake mwenyewe.

Muda wa kutekeleza usiwe mmoja kwa yote. Sehemu ya dai inaweza kusomeka hivi:

"Tunaomba fundi aikague pampu na swichi ya boya ndani ya siku 3, na maji yafike ghorofa zote ndani ya siku 7 tangu kupokea barua hii. Reli na taa za ngazi zitengenezwe ndani ya siku 14. Tunaomba jibu la maandishi lenye tarehe ya kila kazi."

Kama mkataba au sheria ya mahali penu imeweka muda mwingine wa notisi, fuateni huo.

Sasa saini. Kila anayesaini aandike jina, namba ya nyumba na tarehe, na karatasi ya saini iwe na kichwa cha barua pamoja na muhtasari wa madai. Karatasi tupu iliyojaa saini ikibanwa nyuma ya barua, mtu atadai alisaini mahudhurio ya kikao, na tumeshayaona hayo. Msiandike "sisi wapangaji wote" kama nyumba tatu hazikusaini. Andikeni "wapangaji wa nyumba 9 kati ya 12". Tajeni wawakilishi wawili wa kupokea majibu, na mseme wazi kama wana mamlaka ya kukubaliana kwa niaba yenu au ya kupokea taarifa tu.

Barua ipelekwe kwenye anwani iliyo katika mkataba, na nakala kwa wakala kama yupo. Aliyepokea asaini nakala yenu na kuweka tarehe. Akikataa, mpelekaji aandike papo hapo saa, mahali na jina la shahidi aliyekuwa naye, kisha barua itumwe kwa njia ya posta yenye risiti. Picha ya barua kwenye kundi la simu ni nyongeza nzuri, lakini si mbadala.

Na hapa tunarudia, kwa sababu tunaulizwa kila siku: barua ya pamoja haiwapi ruhusa ya kuacha kulipa kodi. Katika mifumo mingi ya sheria deni la kodi linabaki deni hata kama maji hayatoki. Mwenye nyumba anaweza kutoa notisi ya malimbikizo, kuomba amri ya kuwaondoa, na kudai gharama za shauri juu yake. Hapo mlalamikaji amegeuka mlalamikiwa, na pampu haizungumzwi tena. Vivyo hivyo kumleta fundi wenyewe na kukata fedha hiyo kwenye kodi: msifanye bila kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi, au amri ya chombo chenye mamlaka. Pale ambapo sheria inaruhusu kodi iwekwe mahakamani au kwenye baraza, kuna utaratibu wake wa kuombwa kwanza.

Muda mliotoa ukipita bila jibu, njooni na nakala ya barua iliyosainiwa kupokelewa, daftari la maji, picha zenye tarehe, mikataba na risiti za kodi za waliosaini. Wawakilishi wawili wanatosha. Si lazima jengo zima lije kupanga foleni. Na tafadhali, daftari lije lenyewe, si kurasa zilizonakiliwa upya kwa mwandiko mmoja jana usiku.